Slaidi zangu za kuintegreti kwa sehemu nimezifuta zote

Jumamosi iliyopita mwanafunzi wa kidato cha sita alinifunga mdomo mbele ya wenzake: "Mwalimu, umejuaje kwamba x ndiyo u?" Slaidi ilionyesha LIATE, ile orodha ya kuchagua u aliyoichapisha Herbert Kasube mwaka 1983: logarithimu inatangulia, eksponensha inafunga. Nikamjibu, "Fuata orodha." Imeniuma hadi leo, maana hata mimi nilipouliza shuleni nilijibiwa hivyohivyo.

Usiku ule nilifuta kila kitu, nikabakiza kanuni:

∫u dv = uv − ∫v du

Kazi haiishi hapo, inahamia kwenye integreli ya kulia. Chagua u ambayo ukiidiferenshieti inakuwa nyepesi, na dv ambayo unaweza kuiintegreti. Hayo mawili yaende pamoja.

Mfano wa kwanza, ∫x cos x dx, sasa naanza nao kwa kukosea makusudi. Nikiweka u = cos x na dv = x dx, napata (x²/2) cos x + ½∫x² sin x dx. Nilikuwa na x, sasa nina x². Kipeo kikipanda namna hiyo, rudi nyuma. Nikigeuza, u = x inabaki du = dx, na jibu ni x sin x + cos x + C. Darasa lilipoona x ikitoweka, yule kijana alitikisa kichwa kukubali. Nilijisikia mwalimu tena.

Wa pili ni ∫x² ln x dx. Wengi hukimbilia u = x² kwa mazoea ya mfano wa kwanza, kisha wanakwama kwa sababu integreli ya ln x hawaijui. Weka u = ln x: du = dx/x, v = x³/3. Logarithimu imeondoka, inabaki ∫x²/3 dx, na jibu ni (x³/3) ln x − x³/9 + C.

Wa tatu ndio ulionifanya niiache orodha: ∫x³ e^(x²) dx. LIATE inasema u = x³, basi dv = e^(x²) dx, na hiyo haina integreli ya kuandikika kwa fanksheni za kawaida. Ivunje x³. Mpe dv x moja: dv = x e^(x²) dx, hivyo v = ½e^(x²), na u = x². Kulia inabaki ∫x e^(x²) dx, ambayo umeshaifanya ulipotafuta v. Jibu ni ½x² e^(x²) − ½e^(x²) + C.

Walimu wenzangu, msiwape watoto orodha kabla hawajaona chaguo baya likiharibika ubaoni. Nanyi wanafunzi, lidiferenshietini jibu kabla ya kufunga daftari. Kwenye huu wa tatu utapata x e^(x²) + x³ e^(x²) − x e^(x²). La kwanza na la mwisho vinafutana, x³ e^(x²) inabaki.