Maswali ya Wasomaji: Makala Uliyoitaja Kwenye Usaili

Nilifanya usaili Jumanne, kazi ya stoo kwenye duka la jumla la dawa. Meneja alilalamika kuwa dawa za maji zinaishiwa muda rafuni. Nikamwambia nina jedwali la kufuatilia. Nimtumie, au nitaonekana najipendekeza?

Mtumie, na iwe leo. Yeye ndiye aliyeitaja shida, nawe ulitaja suluhisho lake, kwa hiyo una sababu ya kuandika ambayo wale wa “naulizia kama majibu yametoka” hawana.

Tengeneza mistari kumi tu: jina la dawa, idadi, mwezi wa mwisho na siku zilizobaki. Angalia mtego mmoja. Boksi nyingi zimeandikwa mwezi na mwaka tu, na dawa hiyo hutumika hadi siku ya mwisho ya mwezi. Ukiandika 08/2026, Excel huichukua kama tarehe 1 Agosti, hivyo unapoteza siku 30 bila kujua. Tarehe ikiwa safu ya C, weka:

```
=EOMONTH(C2,0)-TODAY()
```

Jibu likitokea kama tarehe ya ajabu, badilisha muundo wa seli uwe Number. Kisha panga ili yenye siku chache ikae juu, maana ndiyo itakayotoka stoo kwanza.

Ujumbe wenyewe uwe hivi: “Habari za asubuhi, Meneja. Jumanne ulitaja dawa za maji zinazoishiwa muda. Nimeambatisha jedwali nililolisema. Safu ya mwisho inahesabu siku zilizobaki. Dawa zilizomo ni za mfano tu. Asante kwa muda wenu.” Basi. Usiulize kazi.

Hilo la “za mfano tu” ni muhimu. Nimewahi kuketi upande wa wasaili, tukaletewa faili lenye bei na wateja wa mwajiri wa zamani wa mwombaji. Hatukubishana sana juu yake.

Nina ripoti nzuri ya kurasa 60 kuhusu mada tuliyozungumza. Niitume yote?

Hapana. Taja ukurasa na sentensi mbili za kilichomo. Na uwe umeusoma.

Niliahidi makala, sasa siipati.

Andika hivyo hivyo, kisha eleza hoja yake kwa maneno yako. Usibandike nyingine inayofanana nayo; akiisoma atajua.

Nimetuma makala, siku nne kimya. Nitume ya pili?

Swali hili nalijibu kila mwezi! Makala ya pili hakuna aliyeitaja kwenye usaili. Subiri tarehe waliyokupa ipite, ndipo uulize kwa mstari mmoja.

Usaili wangu ulikuwa wa Sekretarieti ya Ajira. Nimtafute msaili WhatsApp nimtumie?

Usithubutu. Huko matokeo hutangazwa kwa wote, na kumfuata msaili kwenye simu yake kunanuka kubembeleza kazi, hata ukiwa umebeba makala safi kiasi gani.