Pauni 22 zilizoishia njiani

Karo ya binti yangu ilikuwa pauni 12,000 kwa mwaka, kwa awamu tatu za 4,000. Awamu ya kwanza niliituma kupitia benki siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, nikalala usingizi. Chuo kikapokea 3,978. Pauni 22 zilikatwa na benki ya katikati, ile ambayo fedha hupitia kabla ya kufika, na kwa kideni hicho usajili wake ukasimamishwa.

Kosa lilikuwa langu. Kwenye fomu, sehemu ya gharama, niliweka SHA: mimi nilipe makato ya benki yangu, ya mbele abebe mpokeaji. Kwa karo weka OUR, ili makato yote yawe juu yako, kisha omba nakala ya ujumbe wa malipo ambao benki yako ilituma, ule uliokuwa ukiitwa MT103 hadi 2025. Karatasi hiyo ndiyo iliyoonyesha kiasi nilichotuma, aina ya makato, na namba ya mwanafunzi niliyoiandika kwenye maelezo ya malipo. Hata ukisahau kila kitu kingine, usisahau namba hiyo. Bila yake fedha hufika chuoni zikakosa mwenyewe.

Lakini makato si pahala pesa nyingi zinapopotelea. Zinapotelea kwenye bei ya kubadilisha. Tuseme pauni moja sokoni ni 100 za fedha yako. Mtuma pesa mmoja anakwambia “hatutozi chochote”, ila anakuuzia kwa 104: pauni 12,000 zitakugharimu 1,248,000. Mwingine anatoza 6,000 lakini anauza kwa 101.5: jumla 1,224,000. Huyo asiyetoza kitu amekuzidishia 24,000. Siku hizi sijadili ada na mtu. Nauliza swali moja: ili zifike 12,000 kamili chuoni, nitoe kiasi gani cha fedha yangu? Nawauliza wote kwa wakati mmoja, kwa sababu bei hubadilika mchana kutwa.

Kuhusu wakati, awamu ya pili nilijifanya mjanja. Pesa ninayo, nikasubiri pauni ishuke. Ikapanda kwa asilimia 6, na zile 4,000 zikanigharimu kama pauni 4,240 kwa bei ya awali. Wala si kwamba kusubiri hakulipi kamwe. Siku nyingine ingeshuka. Ila deni langu liko kwa pauni, na kila siku ninayokaa na fedha ya nyumbani ninacheza kamari na karo ya mtoto.

Awamu ya tatu niligawa mafungu manne: kila mwezi nilinunua pauni 1,000 nikaziweka kwenye akaunti ya fedha za kigeni. Kabla ya kufungua akaunti ya namna hiyo, uliza kama benki itakukata tena unapozitoa kwenda nje. Nilizituma siku kumi za kazi kabla ya tarehe, kwa OUR. Zikafika 4,000 kamili.