Cheti nilichokipeleka mwenyewe

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Anaishi na VVU, na msimamizi wake amekataa kumpa ruhusa ya ugonjwa mpaka alete cheti kinachotaja ugonjwa wenyewe. Ujumbe ule nilishindwa kuumaliza kwa mara moja, kwa kuwa cheti cha namna hiyo mimi nilikipeleka bila hata kuombwa.

Nilikuwa nimelazwa siku nane. Daktari aliandika yote: VVU, nimonia, dawa nilizoanzishwa. Nilimkabidhi msimamizi bila kukisoma, naye akakitia kwenye jalada langu la kawaida, pamoja na barua ya ajira na fomu za likizo. Jalada likapita kwa karani, kwa mhasibu, kwa kila aliyetumwa kulichukua. Niliporudi kazini nikakuta kikombe changu kimetengwa kando ya vingine. (Ninacho mpaka leo, na sijui ninakiwekea nini.)

Nilidhani cheti ni lazima kitaje ugonjwa. Sivyo. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 kuhusu taarifa binafsi za wafanyakazi unataka mwajiri apewe hitimisho tu, lisilo na habari za kitabibu. Pendekezo Namba 200 la shirika hilohilo, la mwaka 2010, nalo linasema mfanyakazi asishurutishwe kueleza hali yake ya VVU. Hiyo ni miongozo. Kinachombana mwajiri mahakamani ni sheria ya nchi yako, kwa hiyo itazame nayo.

Cheti changu kilitosha kusema hivi: "Hafai kwa kazi kuanzia tarehe 3 hadi 10. Akirudi, asipangiwe zamu ya usiku kwa wiki 4." Msimamizi anahitaji hayo ili apange zamu, basi. Ugonjwa wenyewe unabaki kwa daktari au muuguzi wa kazini anayefungwa na siri ya kitabibu, na karatasi zake hukaa mbali na jalada la ajira. Ukiamua kumwambia afisa utumishi, umemwambia yeye. Hajapata ruhusa ya kumpasha bosi. Hata mtoa huduma ya kwanza hana haja ya kujua, maana glavu huvaliwa kwa damu ya mtu yeyote. Anayekwambia "wenzako wana haki ya kujua ili wajikinge" ana umbea, hana hoja.

Kwa hiyo, dada, rudi kwa daktari kwanza, umwombe cheti cha tarehe na masharti ya kazi tu. Kama cha zamani kimeshafika ofisini, andika barua: kiondolewe, kiwekwe kipya, na uambiwe ni nani walikiona. Weka nakala. Mimi barua hiyo niliiandika miezi minne baadaye, nikajibiwa mstari mmoja: "Tumeondoa." Waliokisoma hawakutajwa.