Neno la kunyanyua glasi: mshukuru mteja kwa alichokifanya

Kwenye hafla ya kampuni kutimiza miaka 20, neno la kunyanyua glasi huharibikia kwenye sentensi moja: "Tunawashukuru wateja wetu kwa kuwa nasi bega kwa bega." Mteja akiisikia hajioni humo. Tafuta tendo moja la miaka ya mwanzo, lililofanywa na mteja mmoja, ulieleze kwa sentensi chache.

Waulize waliokuwa wakiuza kaunta enzi hizo: nani alirudi hata baada ya sisi kumkosea? Swali hilo ndilo lenye mavuno, maana uaminifu wa mteja huonekana siku mnapoharibu.

Tuseme kampuni inauza vifaa vya ujenzi Mwanza, na ilianza mwaka 2006:

"Wageni wetu, itifaki imezingatiwa. Mwaka 2006 tulikuwa na chumba kimoja na mkokoteni wa kukodi. M-Pesa haikuwepo Tanzania, kwa hiyo fundi wa Sengerema alivuka kwa kivuko na fedha mfukoni. Siku moja tukampa mabati ya geji 30 badala ya 28. Aliyarudisha, akasubiri wiki nzima, na safari iliyofuata akatuletea mafundi wenzake wawili. Mzee wetu, asante. Na kupitia kwako tunawashukuru wote mliotuvumilia tukijifunza kazi. Naomba tusimame, tunyanyue glasi: kwa wateja wetu!"

Kwa mwendo wa utulivu, hiyo ni kama dakika moja. Ukiongeza tukio la pili usizidishe dakika mbili. Majina ya wageni rasmi mwachie mshereheshaji. Na usisome orodha ya wateja kumi wakubwa: wa kumi na moja naye yuko ukumbini, na huenda ameketi meza moja na mshindani wake.

Mhusika apigiwe simu mapema aridhie. Kiasi cha fedha, deni au bei maalumu aliyopewa visitajwe kabisa, hata kwa kumsifu.

Kinachosahaulika mara nyingi ni glasi zenyewe. Mshereheshaji anatangaza, watu wanasimama, nusu ya meza hazina kitu. Kubaliana na msimamizi wa wahudumu waanze kumimina dakika kumi kabla, na wasiokunywa pombe wapate juisi au soda kwenye glasi za umbo lilelile, ili asiwepo wa kujieleza. Wewe nawe una mikono miwili tu: maiki na karatasi vimeshaijaza. Iache glasi juu ya meza iliyo karibu, na ukifika "naomba tusimame" weka karatasi chini uichukue.

Kama chakula ni cha kujihudumia, sema kabla foleni haijafunguliwa. Sahani zikishaanza kugongana, hata maiki nzuri haikusaidii.