Kuponi imeongeza mauzo, mbona faida imepungua?

SWALI: Nauza mkoba wa aina moja mtandaoni kwa Sh 40,000. Nilitoa kuponi ya asilimia 15 kwa wiki mbili. Mauzo yamepanda kutoka Sh 3,600,000 hadi 4,800,000, lakini pesa mkononi ni kidogo kuliko mwanzo. Nimekosea wapi?

JIBU: Anza na oda moja. Kwa gharama ulizotuandikia, mkoba unaununua Sh 24,000, mfuko na kadi Sh 1,000, bodaboda unayemlipa wewe Sh 3,000, na ada ya malipo asilimia 2.5. Kwa bei kamili ada ni Sh 1,000, hivyo unabaki na Sh 11,000. Kwa kuponi bei inakuwa Sh 34,000, ada Sh 850, na unabaki na Sh 5,150. Umepunguza bei kwa asilimia 15, ila faida ya oda imekatika zaidi ya nusu, kwa sababu gharama nyingine karibu zote hazikushuka hata shilingi.

Sasa tazama oda zenyewe. Wiki mbili za kabla ulikuwa na oda 90 za bei kamili, yaani faida ya Sh 990,000. Wakati wa kuponi ulipata oda 100 za kuponi na 35 za bei kamili: Sh 515,000 na Sh 385,000, jumla Sh 900,000. Umefunga mizigo 45 zaidi ukapoteza Sh 90,000.

Kilichokuumiza ni zile oda 55 za bei kamili zilizotoweka. Gawanya 515,000 kwa 11,000, utapata karibu 47. Maana yake, katika kila wateja 100 wa kuponi, wakifika 47 ambao wangenunua hata bila punguzo, umeshaanza kula hasara. Hiyo ndiyo namba ya kuilinda.

Kwenye jedwali lako la oda, weka jina la kuponi, mfano KARIBU15, safu ya C na faida safu ya H. Oda isiyo na kuponi iandikie BILA, usiiache wazi. Kisha pata wastani wa faida ya oda kwa kila kundi:

```
=AVERAGEIFS(H:H,C:C,"KARIBU15")
=AVERAGEIFS(H:H,C:C,"BILA")
```

Oda iliyokataliwa mlangoni usiifute: iandike kwa hasara ya bodaboda, la sivyo wastani utakudanganya. Linganisha pia siku zinazofanana. Ukipima wiki ya mshahara dhidi ya katikati ya mwezi, kuponi itasifiwa kwa kazi ya mshahara.

Kisha chukua namba za simu za waliotumia kuponi uzitafute kwenye oda za miezi mitatu ya nyuma. Zinazojirudia ni wateja wako wa kawaida, na hao ndio wa kuondoa kwanza kwenye kuponi. Kampeni ijayo, ruhusu kuponi kwa namba mpya tu, na usiibandike kwenye ukurasa wa malipo, maana hapo anaiona hata aliyekwisha kuamua kulipa 40,000. Wachache watatumia laini ya pili. Ukiona anwani ileile ya kupelekea mzigo, utawatambua.