Usiuze kwanza: gharama yako haibadiliki kila dola inapobadilika

*"Wakuu, nimenunua hisa za Marekani kwa awamu tatu: Desemba 2023, Januari 2024 na mwezi jana. Jedwali langu la Google Sheets linazidisha kila kitu kwa bei ya dola ya leo, na linasema niko juu asilimia 14 kwa shilingi za Kenya. Nataka kuuza nilipie kiwanja. Naomba kujua: gawio nilipange safu gani, bei za hisa zijijaze zenyewe vipi, na kuna programu ya simu iliyo bora kuliko jedwali?"*

Usiuze. Kiwanja hakina miguu, kitakungoja hadi kesho.

Fungua jedwali lako, nenda kwenye kile kisanduku chenye `GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDKES")`, futa kilichomo, andika 500. Tazama ile asilimia 14. Imesogea? Sasa andika 1. Najua haijasogea, kwa sababu na yangu haikusogea. Unazidisha gharama kwa 129, unazidisha thamani kwa 129, halafu unagawanya moja kwa nyingine. Hiyo 129 inajifuta yenyewe. Asilimia 14 uliyonayo ni ya dola tupu, imevalishwa kanzu tu ionekane mwenyeji.

Ngoja nikusimulie ilivyonigharimu, maana nimeona Januari 2024 kwenye ujumbe wako nikahisi tumbo kukata.

Wiki ya mwisho ya Januari ile dola ilikuwa 160. Watu wote walikuwa wanaangalia ile hatifungani ya dola bilioni 2 ambayo serikali ilitakiwa kuilipa Juni, na hakuna aliyejua pesa zitatoka wapi. Kulikuwa na kocha mmoja (ndivyo alivyojiita) kwenye kundi letu la WhatsApp. Kila jioni ujumbe wa sauti: dola inakwenda 200, hamisheni shilingi zenu kabla hazijawa karatasi za kufungia karanga. Na jedwali la kufuatilia uwekezaji alikuwa akiliuza shilingi 1,500. Nikalinunua. Lilikuwa na rangi, lina mshale wa kijani unaopanda, kama ubao wa matokeo uwanjani.

Nikaenda benki na 329,500. Kati ya hizo 326,000 zilinunua dola 2,000, maana benki ilikuwa inauza dola kwa 163, si 160 niliyoiona kwenye simu. 3,500 zikawa ada ya kutuma pamoja na ushuru wake. Karani akanipa fomu, na kwenye sehemu ya nani analipa gharama akaniwekea alama penye SHA. Sikuuliza. SHA maana yake wewe na mpokeaji mnagawana gharama, na benki ya katikati ilikata dola 25 njiani. Kwa broka zikafika 1,975. Ukigawanya, kila dola iliyofika ilinitoka kwa shilingi 166.84. Hiyo ndiyo ilikuwa bei yangu ya dola. Haikuwa 160, wala 163.

Nikaweka zote kwenye mfuko unaofuata S&P 500, nikaandika 1,975 kwenye jedwali la kocha. Jedwali likazidisha kwa 160, likaandika gharama 316,000. Yaani siku ile ile ya kwanza lilikuwa limeshameza 13,500 bila kupepesa macho. Nami nikaona ni kawaida, nikaenda kulala.

Februari serikali ikatoa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili inunue ile ya zamani. Hofu ikaisha, dola ikaporomoka, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa kwenye 131 hivi. Kocha kimya. Mimi kila asubuhi nafungua jedwali, naona kijani, nanywa chai.

Mapema Juni mfuko ulikuwa umepanda asilimia 9, una dola 2,153. Dola moja ilikuwa 130. Jedwali likasema: gharama 256,750, thamani 279,890, faida 23,140. Sasa rudi usome tena hiyo gharama. Januari ilikuwa 316,000, Juni imekuwa 256,750. Kitu nilichokwisha kukinunua, na risiti ninayo, kimeshuka gharama kwa 59,250 nikiwa nimelala! Ningeenda dukani na hesabu ya namna hiyo wangeniitia polisi. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa kijani, sikuitazama ile safu hata siku moja.

Nilikuwa nimemwahidi mama mabati ya nyumba ya Kilifi, na fundi amesema 280,000. Nikaona Mungu kanipimia. Nikauza, nikatoa. Broka akakata dola 25 za kutuma, benki yangu ikakata 10 za kupokea, zikabaki 2,118. Pale kaunta nikapewa kikaratasi kimeandikwa 127.50, kwa sababu benki inaponunua dola kwako hainunui kwa bei ya kwenye simu yako. Nikapata 270,045. Nimesimama nimeshika simu mkono mmoja inasema 279,890, na kikaratasi mkono wa pili, namuuliza karani elfu kumi zangu ziko wapi. Akaniambia, "Mzee, hiyo ya Google si ya kununulia." Mzee! Nilikuwa na miaka 38.

Lakini hizo elfu kumi zilikuwa mchezo. Usiku, nikitafuta karatasi za mkopo kwenye droo, nikakuta risiti ya Januari. 329,500. Nikaishika chini ya taa, nikaisoma kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Zilitoka 329,500, zimerudi 270,045. Hasara 59,455, asilimia 18, huku mimi siku tatu nzima nimewatambia mashemeji kwamba nimepata faida Marekani. Mke wangu mpaka leo akitaka kuninyamazisha huniuliza tu, kwa upole, dola leo ni ngapi.

Ukitaka kuona jinsi jedwali lilivyonidanganya, chukua faida yake ya 23,140, toa 59,250 za gharama iliyojipunguza yenyewe, toa 13,500 zilizoliwa wakati wa kwenda, toa 9,845 zilizoliwa wakati wa kurudi. Unafika kwenye hasara yangu kamili, shilingi haikosi.

Nilipomwandikia kocha akanijibu kwa kikatuni cha mikono miwili iliyounganishwa. Baadaye akaanza kuuza toleo la pili la jedwali, 2,500. Sitasema zaidi, nimefunga.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na sitakuacha uende bila hiyo: gharama ni shilingi zilizotoka kwenye akaunti yako siku ile, na haiguswi tena na dola yoyote. Thamani ni shilingi ambazo zingekufikia mkononi leo ukiuza, baada ya makato yote. Bei ya dola ya Google haina kazi katika hizo mbili. Itumie kupigia soga.

Chimba taarifa za benki za hizo awamu tatu. Safu A tarehe, safu B shilingi zilizotoka (pamoja na ada, zote), safu C dola zilizofika kwa broka. Dola zilizofika zisome kwenye taarifa ya broka, usiziamini za fomu ya benki, maana fomu haijui kitakachokatwa njiani. Kisha pembeni weka dola za uwekezaji wako leo kwenye E1, makato ya kutoa kwa dola kwenye E2, na kwenye E3 bei ambayo benki yako inanunua dola. Hiyo E3 piga simu uulize, ni dakika mbili. Uliza pia kama wanaweza kuongeza kidogo. Kwa kiasi kikubwa kidogo huwa wanaongeza, na mimi niligundua baada ya kuuza, kama kawaida yangu.

```
E4: =(E1-E2)*E3
E5: =SUM(B2:B50)
E6: =(E4-E5)/E5
E7: =E5/(E1-E2)
```

E6 ndiyo asilimia yako ya kweli. Irudie ile kazi ya kuandika 500 kwenye E3, utaiona inaruka hadi dari. E7 ndiyo ninayoipenda: ni bei ya dola inayohitajika ili urudi sifuri. Yangu ilikuwa 155.57 siku niliyouza kwa 127.50. Ningekuwa na hicho kisanduku kimoja tu, mama angengoja mabati yake. Au tuseme upande wa pili: kwa bei ile ya benki, mfuko ulihitaji kupanda karibu asilimia 33 ndipo nitoke bila jeraha, na mimi nilikuwa nashangilia 9.

Ukiwa umeshawahi kutoa kidogo, shilingi zilizokufikia ziongeze kwenye E4, na ndani ya fomula ya E7 zitoe kwenye E5 kabla ya kugawanya, lakini kisanduku cha E5 chenyewe usikipunguze. Gharama haiguswi, nimeshasema.

Na hiyo awamu yako ya mwezi jana nina wasiwasi nayo kwa sababu nyingine. Kama ulituma dola 200 hivi kwa njia ya benki kama nilivyofanya mimi, hesabu: 3,500 za kutuma na dola 25 za njiani ni kama 6,700 juu ya 26,000 ulizopeleka. Robo imeliwa kabla hujanunua hisa hata moja. Ada ya namna hiyo haiangalii ukubwa wa mzigo, kwa hiyo kusanya miezi kadhaa utume mara moja. Na ukifika kaunta uliza kuhusu OUR, ambapo wewe unalipa gharama zote mwanzo, uone ipi nafuu kwa kiasi chako.

Desemba 2023 dola ilikuwa juu ya 150 na Januari 160, kwa hiyo hizo awamu zako mbili za kwanza zinanuka kama yangu. Inawezekana hisa zako zimepanda kiasi cha kufunika pengo, inawezekana hazijafunika. Mimi na wewe hatujui mpaka uziandike. Weka hapa shilingi tatu zilizotoka na dola tatu zilizofika, majina ya hisa sina haja nayo. Niko zamu mpaka saa kumi, nikitoka nitakupigia hesabu ya E7 yako, halafu ndiyo umpigie simu mwenye kiwanja.