Ripoti ya uwezo wa ardhi: soma maji hata kama shamba limekauka

Mnunuzi wa shamba huja kulitazama kiangazi, barabara ikipitika na muuzaji akiwa na haraka. Wewe unayeandika ripoti utakwenda siku hizohizo, kwa hiyo ujue mapema kwamba kazi yako kubwa ni kutafuta maji ambayo siku hiyo hayapo.

Tuchukue mfano wa shamba la ekari 10 Kilosa, kando ya Mto Mkondoa: takriban meta 200 kwa 200, juu udongo mwekundu, chini mbuga nyeusi, yaani mfinyanzi mzito unaopasuka nyufa kiangazi, inayofika mtoni. Usipige mashimo kwa kutapanya. Panga mstari mmoja kutoka juu hadi chini, kwa sababu udongo hubadilika kufuata mteremko, kisha uchimbe mashimo sita kwa keekee ya udongo, kila moja sentimeta 120. Udongo unaotoka uulaze chini kwa mpangilio uleule uliotoka nao, upimwe kwa futi.

Tazama rangi kabla ya jambo lingine. Udongo mwekundu au wa kahawia mpaka chini unapitisha hewa. Ukikuta kijivu chenye madoa ya kutu, hapo maji husimama sehemu ya mwaka: hewa ikikosekana, madini ya chuma huyeyuka na kuhama, na udongo ukikauka hurudi kuwa kutu. Andika kina yanapoanzia madoa hayo. Yakianza sentimeta 45, kama katika shimo letu la nne, mahindi yatapata shida mwaka wa mvua nyingi, na mparachichi usiuzungumzie kabisa. Tabaka la juu lisikudanganye, maana mboji huficha rangi. Amua kwa kilicho chini ya sentimeta 25.

Mteremko upime kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji na fito mbili zenye alama. Fito zikiwa meta 20 mbali na tofauti ya usawa wa maji ikiwa meta 1.2, gawanya 1.2 kwa 20, zidisha kwa 100, upate asilimia 6. Kukadiria kwa macho kumewaponza wengi, kwani mteremko mrefu wa asilimia 2 huonekana tambarare kabisa.

Kupima maji yanavyozama ndiko wageni wanakokosea zaidi. Unachimba shimo la sentimeta 30, unajaza maji, yanatoweka kwa dakika chache, unaandika "hutoa maji vizuri". Kwenye mbuga hayo ni makosa. Maji yamekimbilia kwenye nyufa za kiangazi. Mfinyanzi ukilowa huvimba, nyufa huziba, na kuanzia hapo hayasogei. Jaza shimo, liache lilowe usiku kucha, jaza tena asubuhi ndipo upime kwa saa nzima. Yakishuka chini ya sentimeta 2.5 kwa saa, hapo maji yanazama polepole mno kwa mazao mengi ya nchi kavu.

Kuhusu mafuriko, tembea kando ya mto ukiangalia takataka zilizonasa matawini na mstari wa tope kwenye magome, upime kimo chake kutoka ardhini. Kisha waulize majirani, kila mmoja peke yake, na uwape mwaka wanaoukumbuka: wakati wa El Niño ya 1997/98 maji yalifika wapi? Na mafuriko ya Kilosa ya mwanzoni mwa 2010? Mwambie akuonyeshe mti au kichuguu, si "yalifika mbali". Muuzaji asiwepo.

Sasa madaraja ya uwezo wa ardhi. Mfumo unaotumika sana una madaraja manane, kuanzia I lililo bora hadi VIII lililo baya kuliko yote, na kila kipande hupewa daraja la kasoro yake mbaya kuliko zote. Hakuna kufanya wastani. Kipande cha kati kina udongo wenye rutuba na mteremko mdogo, lakini maji yanasimama kuanzia kina cha sentimeta 45: ni III, na herufi w ya kasoro ya maji. Kile cha chini, kinachofurika na kupasuka nyufa, ni V w. Mpunga au malisho, na hata hayo yana sharti.

Sharti lenyewe ni la kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mto ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Meta 60 mara 200 ni meta za mraba 12,000, karibu ekari 3. Chora ukanda huo kwenye ramani na uandike wazi kwamba mnunuzi analipia ekari 10 lakini atalima 7.

Lugha ya ripoti nayo ina mipaka yake. Usiandike "shamba halifuriki". Andika ulichokiona, tarehe, na mahali: "Mstari wa tope umepimwa sentimeta 70 juu ya ardhi, kwenye mkuyu ulio meta 85 kutoka ukingo wa mto." Nambari hiyo inamwambia mnunuzi kwamba nyumba na ghala visijengwe kwenye kipande cha chini, hata nje ya zile meta 60.